Kabla ya Kuchapisha Nambari ya Paybill: Habari za Maombi ya Matibabu Migori na Homa Bay

Mhadhara kwa waandishi wa habari wa kaunti

Ndugu waandishi, kila anayeripoti kutoka Mbita, Ndhiwa, Rongo, Awendo au Nyatike anaijua habari hii, kwa sababu huletwa mlangoni pake karibu kila mwezi. Mtoto ana uvimbe shavuni. Mama analia. Chifu amethibitisha kwamba familia ni maskini. Kuna karatasi yenye nembo ya hospitali ya ng'ambo, kuna kiasi cha fedha kinachotisha, na chini kabisa kuna nambari ya simu ya kutumia mchango. Mhariri anaitaka kabla ya jioni, na mwandishi mwenye moyo wa huruma anataka kuiandika upesi ili mtoto asaidiwe.

Leo nitaizungumzia hasa habari ya mgonjwa mmoja wa namna hiyo, tena kwa undani. Wengi wetu tulifundishwa kwamba kuhakiki ombi kunamlinda msomaji asitapeliwe, na hilo ni kweli. Lakini anayelindwa kwanza na uhakiki ni mgonjwa mwenyewe. Kiasi kikikosewa na hospitali ikikosewa, habari yetu yaweza kumpeleka mtoto mahali pasipofaa, wakati ambapo siku tano zina uzito kuliko shilingi milioni moja.

Nitatumia kisa cha mfano nilichokiunda mwenyewe, ili nisimwanike mtoto wa mtu. Tuseme ni mvulana wa miaka saba kutoka Kisiwa cha Mfangano. Wiki tatu zilizopita meno yake ya nyuma yalianza kulegea, akang'olewa mawili, na uvimbe haukushuka. Sasa taya lote la kushoto limejaa na jicho limeanza kusukumwa. Familia inaomba shilingi 1,800,000 ili apelekwe India kufanyiwa upasuaji wa taya.

Mtu aliyekaa kando ya ziwa hili anapaswa kushtuka asikiapo maelezo hayo: mtoto mdogo, taya, meno yanayolegea, uvimbe unaokua wiki hadi wiki. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya saratani ya taya aliyokuwa akiiona kwa watoto wa Uganda. Saratani hiyo ikapewa jina lake. Ilikuja kujulikana kwamba inahusiana na virusi vya Epstein-Barr pamoja na malaria ya mara kwa mara, na ndiyo maana inaonekana sana katika ukanda wetu wa Ziwa Viktoria. Jino lililolegea bila sababu ni mojawapo ya dalili zake za mwanzo, na watoto wengi hupitia kwa mng'oa meno kabla ya kufika kwa daktari wa saratani.

Mambo mawili kuhusu Burkitt yanabadilisha habari yote. La kwanza, ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote: chembe zake zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. La pili, tiba yake kuu ni dawa za kemo, na kisu hakina nafasi kubwa. Watoto wanaofikishwa mapema na kumaliza dawa zao hupona kwa wingi. Dawa hizo hutolewa hapa magharibi mwa Kenya, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga kule Kisumu, na pia Hospitali ya Moi mjini Eldoret.

Hebu soma tena ombi la shilingi 1,800,000 kwa upasuaji India. Ikiwa mtoto huyu ana Burkitt, ombi limekosea tiba, limekosea nchi na limekosea kiasi. Kosa kubwa zaidi ni la muda. Mchango wa milioni moja na laki nane huchukua wiki au miezi, pasipoti na viza huchukua wiki nyingine, na uvimbe haungoji. Huenda familia haikudanganya hata kidogo. Mtu fulani aliwaambia India, nao wakaamini, kwa sababu India ndilo jina linalotajwa kila hospitali ikionekana kushindwa.

Sitaki mwandishi ajifanye daktari. Huwezi kusema ni Burkitt kwa kuangalia uso. Yaweza kuwa jipu la jino au uvimbe wa aina nyingine. Unachoweza kufanya ni kuuliza swali litakalofanya daktari aseme. Hapo ndipo kazi inaanzia.

Daktari hana ruhusa ya kukueleza habari za mgonjwa kwa sababu tu umemwonyesha kitambulisho cha mwanahabari. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inalinda siri za mgonjwa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Kwa hiyo nenda na mzazi. Awe na barua fupi aliyoitia sahihi, inayomruhusu daktari kuzungumza nawe kuhusu mambo matatu tu: ugonjwa ni upi, umethibitishwa kwa kipimo gani, na tiba inayopendekezwa inapatikana wapi. Usiombe faili lote, kwa maana humo mna mambo yasiyokuhusu wewe wala wasomaji wako.

Swali la kipimo ndilo lenye uzito. Saratani huthibitishwa kwa kukata kipande kidogo cha nyama ya uvimbe, au kuvuta chembe kwa sindano, kisha mtaalamu wa maabara akavitazama kwa darubini. Matokeo huandikwa, huwekwa tarehe na hutiwa sahihi. Kama familia ina barua ya rufaa peke yake, basi kilichopo ni shaka ya daktari. Ugonjwa haujathibitishwa, na habari yako haina ruhusa ya kusema "anaugua saratani". Iandike hivi: "madaktari wanashuku saratani na wamemwelekeza Kisumu kwa vipimo." Kisha muulize mzazi mbona hawajaenda. Mara nyingi jibu la swali hilo ndilo habari yenyewe: nauli.

Jina la daktari aliyetia sahihi lihakikiwe katika orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, ambalo pia huorodhesha hospitali zenye leseni. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui: mgonjwa anayepelekwa ng'ambo kwa rufaa rasmi hupitia idhini ya baraza hilo hilo. Familia inayosema imeelekezwa India na hospitali ya Kenya inapaswa kuwa na daktari aliyeanzisha ombi la idhini. Usipopata daktari huyo, yaelekea rufaa hiyo imetoka kwa wakala wa safari za matibabu.

Karatasi ya gharama nayo ina namna yake ya kusomwa. Tafuta tarehe, jina la mgonjwa lililoandikwa sawasawa, jina la tiba, sarafu, na mchanganuo. Gharama iliyo jumla tupu, isiyosema ngapi ni kitanda, ngapi ni dawa na ngapi ni daktari, ni ya kutiliwa shaka. Kisha wasiliana na hospitali yenyewe ukitumia anwani uliyoitafuta mwenyewe katika tovuti yao. Usitumie nambari iliyoandikwa kwenye karatasi hiyo, maana aliyeghushi karatasi hawezi kukosa mtu wa kupokea simu.

Kenya tuna kumbukumbu ya jambo hili. Agosti 2015, mchango wa mtandaoni kwa mwanafunzi mmoja wa chuo mwenye uvimbe wa ubongo uliomba shilingi milioni 1. Simulizi ilikuwa nzuri, iliandikwa kwa ufundi, na Wakenya walitoa zaidi ya milioni 6 ndani ya siku chache. Baadaye taasisi iliyosimamia mchango ule ilitangaza hadharani kwamba baadhi ya maelezo iliyopewa kuhusu matibabu hayakuwa ya kweli. Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kweli, na kijana yule hatimaye aliaga dunia. Ndiyo maana nawasihi msiulize tu kama mgonjwa ni mgonjwa. Mtu anaweza kuwa mgonjwa kweli kweli, na karatasi ya gharama iwe ya uongo. Hayo ni mambo mawili, na kila moja huhakikiwa peke yake.

Sasa tuje kwenye bima, kwa kuwa hapa ndipo maombi mengi hupungua ghafla. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya NHIF. Asiye na mshahara hulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Mfumo ulipoanza, kifurushi cha saratani kilitangazwa kuwa shilingi 400,000 kwa kaya kwa mwaka, na 150,000 zaidi kutoka mfuko wa magonjwa sugu na mahututi. Viwango hivi hubadilishwa, kwa hiyo siku unayoandika waulize maofisa wa SHA walioko hospitalini kiwango cha sasa. Uliza pia kama hospitali husika ina mkataba, na kama kaya imekwisha kutumia sehemu ya kiasi hicho.

Mzazi anaweza kuangalia hali yake mwenyewe kwa kubonyeza *147# kwenye simu. Mwombe afanye hivyo ukiwa umeketi naye. Katika kisa chetu cha Mfangano, tuseme baba amejisajili lakini hajalipa, na mtoto hajaongezwa kwenye kaya kwa sababu hana cheti cha kuzaliwa. Hilo ni jambo la kawaida visiwani. Kizuizi kati ya mtoto na dawa zake sasa kimepata jina: ni shilingi 3,600 na cheti. Shilingi 1,800,000 hazihusiki.

Hesabu ya kweli ya familia hii, ikiwa vipimo vimethibitisha Burkitt, yaweza kuwa hivi. Tarakimu hizi ni za mfano, ninyi mtaziweka za kwenu baada ya kuuliza. Boti kutoka Mfangano hadi Mbita, kisha kivuko hadi Luanda Kotieno na matatu hadi Kisumu, mama na mtoto, kwenda na kurudi: tuseme 3,600 kwa safari moja. Daktari amepanga mizunguko sita ya dawa, hivyo nauli ni 21,600. Chakula na mahali pa mama kulala, 4,000 kwa kila mzunguko, ni 24,000. Mchango wa SHA ni 3,600. Vipimo vilivyofanywa nje ya hospitali, vyenye risiti, ni 12,000. Jumla ni shilingi 61,200.

Kiasi hicho hupatikana haraka. Kanisa moja na kikundi cha wavuvi wanaweza kukitoa Jumapili moja. Tena kinazuia kile kinachoua watoto hawa hata baada ya tiba kuanza, nacho ni kukosa mzunguko. Uvimbe wa Burkitt hunywea upesi baada ya dozi za kwanza. Mzazi humwona mtoto wake amepata uso wake tena, nauli hakuna, anabaki nyumbani, na ugonjwa hurudi. Habari inayoomba nauli ya mizunguko yote sita, na kueleza sababu yake, ina manufaa kuliko inayoomba ndege.

Kwa Migori nitagusa mfano mmoja tu kwa haraka, wa mgonjwa wa figo. Bei ya kusafisha damu iliyochapishwa na SHA mwaka 2024 ni shilingi 10,650 kwa kikao. Vikao viwili kwa wiki ni kama vinane kwa mwezi, yaani 85,200, na kwa aliyelipa bima fedha hizo hulipwa na SHA. Familia ikikuambia inatumia 85,200 kila mwezi kutoka mfukoni, uliza risiti ziko wapi, na uliza kama bima imekatika au kama mashine iliharibika wakalazimika kwenda hospitali ya binafsi Kisii. Majibu hayo yatakupa habari mbili: ya mgonjwa, na ya mashine.

Kuhusu njia ya fedha, ninalo pendekezo moja ninaloliamini kabisa. Fedha za matibabu ziende hospitalini moja kwa moja, kwa Paybill ya hospitali, na nambari ya mgonjwa ikiwa ndiyo akaunti. Nauli na chakula, ambavyo hospitali haipokei, viende kwenye akaunti ya kikundi yenye watia sahihi watatu, au jukwaa la michango linaloonyesha hesabu. Simu ya mama isichapishwe. Nambari yake ikishatoka gazetini, ataanza kupigiwa na watu wanaojifanya wafadhili na kumwambia atume kwanza "ada ya kufungua faili". Mama aliyekata tamaa hutuma. Zaidi ya hapo, laini ya M-Pesa ya mtu binafsi haiwezi kubeba salio la zaidi ya shilingi 500,000, kwa hiyo ombi la milioni moja na laki nane kwa nambari moja ya mtu linapaswa kukufanya uulize maswali hapo hapo.

Andika katika habari jina litakalotokea kwenye simu ya mtumaji kabla hajakamilisha malipo. Wezi huchukua picha ya mtoto kutoka habari yako, wakabadilisha nambari, wakaisambaza kwenye WhatsApp. Msomaji aliyeambiwa jina sahihi ana kitu cha kulinganisha. Nawe mwandishi, usipokee hata shilingi kwa simu yako, hata kama mchangiaji anakuamini wewe kuliko familia.

Sasa picha. Ninajua uvimbe wa taya huuza. Najua pia kwamba mtoto huyu akipona atarudi darasani, na uso ule utakuwa ungali mtandaoni akiwa na miaka kumi na saba. Katiba, katika ibara ya 53, inasema maslahi ya mtoto ndiyo yapewe uzito wa kwanza. Idhini ya mzazi ni lazima, lakini mzazi aliyekaa mbele yako anaamini kwamba akikataa picha utakataa habari. Mwambie waziwazi, kwa Kidholuo, Kikuria au lugha yoyote anayoitumia nyumbani, kwamba habari itatoka hata bila uso wa mtoto. Halafu ndipo umuulize kuhusu picha. Msomee sentensi zinazomhusu. Muulize na mtoto mwenyewe. Mtoto wa miaka saba anajua kama anataka kupigwa picha au hataki. Mikono ya mama ikishika kadi ya miadi, boti ikitia nanga Mbita, mtoto akiwa amegeuka: hizo zatosha, na hakuna mchango niliowahi kuuona ukifa kwa kukosa picha ya uvimbe.

Na hiyo kadi ya miadi, itazame vizuri kabla ya kubonyeza. Homa Bay na Migori ziko miongoni mwa kaunti zenye kiwango cha juu kabisa cha virusi vya Ukimwi nchini. Kadi ya kliniki ya CCC mezani, kopo la dawa kwenye kabati, au sentensi ya jirani kwamba "mama pia anameza dawa" inaweza kufichua hali ya familia nzima. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2006 inakataza kufichua hali ya mtu bila idhini yake ya maandishi. Hakuna mchango unaohalalisha jambo hilo.

Baada ya haya yote, tazameni aya ya kwanza inavyobadilika. Ile tuliyoizoea ingeandikwa hivi: "Machozi yanamtiririka mama wa Mfangano huku uvimbe wa kutisha ukiuteka uso wa mwanawe, akiwalilia wahisani wamchangie Sh1.8 milioni ampeleke India." Iliyohakikiwa ingekuwa hivi: "Mtoto wa miaka saba kutoka Kaunti ya Homa Bay ameanza matibabu ya saratani ya Burkitt mjini Kisumu, ambako madaktari wanasema inatibika akimaliza mizunguko yote sita ya dawa. Bima ya SHA inalipia dawa na kulazwa. Familia inahitaji Sh61,200 za nauli, malazi, vipimo na mchango wa bima." Ya pili haina machozi, lakini msomaji anajua fedha yake itafanya nini, na mzazi mwingine wa Karungu au Sindo mwenye mtoto aliyelegea meno anajua pa kumpeleka.

Katika habari hiyo hiyo ya kwanza, andika fedha zikizidi zitakwenda wapi, na mtoto akifariki zitakwenda wapi. Swali la pili ni gumu kuliuliza, na sisi watu wa ziwani tunajua mazishi yanavyogharimu na jinsi fedha za matibabu zinavyohamia huko. Muulize mzazi akiwa na mtu mzima anayemwamini, ukiwa na upole, na uandike jibu lake. Wachangiaji hawatachukia jibu lolote waliloambiwa mapema. Huchukia walilogundua baadaye.

Halafu rudi baada ya wiki sita. Kiasi gani kimefika, kimetumika kwa nini, mtoto yuko mzunguko wa ngapi. Mhariri asipotaka habari ya pili, mwambie kwamba ya kwanza ilikuwa ombi la fedha za watu, na watu hao wana haki ya hesabu.

Na mkiletewa leo mtoto mwenye taya lililovimba na meno yaliyolegea, msianze na daftari. Mpigieni ofisa wa hospitali ya kaunti, au mhudumu wa afya wa kijiji, mtoto apelekwe akapimwe siku hiyo hiyo, hata kama nauli itatoka mfuko wa kijiji. Maswali yote niliyoyataja mtayauliza akiwa kitandani Kisumu.